Friji moja, dawa tatu: jinsi joto na unyevu vinavyoharibu vidonge, insulini na dawa za kuweka njia ya haja kubwa

Shangazi yangu anaishi Temeke, nyumba ya bati isiyo na dari. Mwezi Machi, masika yakianza, alinipigia simu akasema sukari yake imegoma. Kwa miaka alikuwa akipima asubuhi kabla ya kula anapata 7 au 8. Sasa kwa siku kumi mfululizo ilikuwa 14, 15, mara 16. Chakula kilekile, dozi ileile, sindano anachoma vizuri. Kwa kuwa mimi ni mfamasia alitaka nimwambie aongeze uniti ngapi. Nikamwambia asiongeze kitu kwanza, nakuja kuona dawa zinakaa wapi.

Nilikuta utaratibu ambao nimeuona kwenye nyumba nyingi za pwani. Insulini ilikuwa kwenye friji, rafu ya juu kabisa, imeegemea kisanduku cha barafu. Vidonge vyake vya presha na aspirini ya miligramu 75 vilikuwa kwenye friji pia, vimebanduliwa vyote kutoka kwenye karatasi zake na kumiminwa kwenye kopo la zamani la kahawa. Dawa za homa za mjukuu, zile za kuweka njia ya haja kubwa ambazo hospitalini huitwa sapozitori, zilikuwa juu ya kabati, karibu na bati, kwa sababu mjukuu asizifikie.

Kila kimoja kilikuwa na sababu ya maana. Na kila kimoja kilikuwa mahali pabaya, kwa kuwa dawa hizi tatu hazina adui mmoja. Kidonge kinaogopa unyevu kuliko joto. Sapozitori inaogopa joto, na haihitaji siku nyingi, mchana mmoja unatosha. Insulini inavumilia joto kuliko tunavyodhani, lakini ikiganda barafu mara moja tu imekwisha.

Vidonge: tatizo ni maji yaliyo hewani

Kila mtu wa pwani anajua kinachotokea kwa chumvi wakati wa masika. Unaiacha kwenye kibakuli, asubuhi imelowa bila mtu kuitia maji. Biskuti ukiiacha wazi usiku inalainika. Maji hayo yametoka hewani, na kidonge kinayavuta kwa njia hiyohiyo.

Ndani ya kidonge kuna dawa yenyewe, kisha wanga na viungo vingine vilivyowekwa makusudi ili kikifika tumboni kinyonye maji, kivimbe na kusambaratika. Kiungo hicho hakijui tofauti ya tumbo na jiko la Temeke. Kikikutana na hewa yenye unyevu kinaanza kunyonya pale pale. Kidonge kinavimba kidogo, kinalainika, kingo zake zinamomonyoka. Hewa ikikauka mchana kinakauka tena, na mara nyingine kinakuwa kigumu kuliko mwanzo. Ukimeza kidonge kama hicho kinaweza kuchelewa kuvunjika, na dawa isitoke kwa wakati wake.

Hilo ni umbo tu. Maji pia huvunja dawa zenyewe, na mfano rahisi kuuelewa ni aspirini. Ikikutana na maji huachana vipande viwili: asidi ya salisili, na asidi ya asetiki ambayo ndiyo asidi ya siki. Kwa hiyo aspirini iliyoharibika hujitangaza yenyewe. Nilifungua kopo la shangazi nikasikia harufu ya siki kabla sijaliinamia. Mtu anayeimeza ili damu isigande kwenye mishipa ya moyo anameza dawa iliyopungua, na asidi ya salisili iliyobaki inakwaruza tumbo bila kumfanyia kazi aliyoikusudia.

Si dawa zote zinazotoa ishara namna hiyo. Mchanganyiko wa amoksilini na klavulaneti hubadilika rangi, kutoka nyeupe kuelekea njano au kahawia. Sehemu ya klavulaneti ni dhaifu sana mbele ya unyevu, ndiyo maana vidonge hivyo hufungwa kwenye karatasi ya alumini na mara nyingi kuwekewa kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu. Vidonge vya rangi mbili vyenye ganda la jelatini hunata na kushikana. Lakini vidonge vingi vya presha vinaweza kupungua nguvu vikiwa vyeupe na vizuri kama siku ya kwanza. Macho peke yake hayatoshi.

Sasa swali ambalo shangazi aliniuliza kwa mshangao: friji si ni kavu na baridi? Inakuwaje ilowanishe? Fikiria chupa ya soda unapoitoa kwenye friji na kuiweka mezani. Dakika haipiti inatoka jasho. Hewa ya joto na unyevu ikigusa kitu cha baridi huacha maji juu yake. Siku ambayo hewa ya Dar ina nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 26 hivi kitatoka jasho. Kopo la vidonge linalotolewa friji asubuhi, kufunguliwa na kurudishwa, linapokea jasho hilo ndani kila siku. Baada ya mwezi vidonge vimelowa kidogo kidogo mara thelathini.

Kwa hiyo kidonge hakikai friji, isipokuwa boksi lake limesema hivyo. Maneno utakayoyakuta zaidi ni kwamba kisihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, na watu wa nyumba za bati huyasoma kwa hofu. Dawa nyingi, kabla ya kuuzwa, hujaribiwa kwa miezi 6 kwenye chumba chenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, zikiwa ndani ya pakiti yake. Mchana mmoja wa nyuzi 34 hauzimalizi. Lakini zingatia hayo maneno, ndani ya pakiti yake. Jaribio hilo halikufanyiwa kidonge kilicho uchi kwenye kopo la kahawa.

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Acha kila kidonge kwenye kitundu chake mpaka saa ya kukimeza. Ukigawa karatasi kwa mkasi, kata kati ya kitundu na kitundu, usipasue upande wa nyuma. Kama unatumia kisanduku cha siku saba, weka dozi za wiki moja, si za mwezi, na dawa za karatasi ya alumini pande zote mbili usizihamishe kabisa, maana aliyezifunga hivyo alijua zinaogopa unyevu. Vidonge vya kwenye chupa viache kwenye chupa yake na kile kipakiti chake kibaki ndani. Pamba iliyojazwa juu itoe, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzuia vidonge visigongane safarini na baada ya kufunguliwa inavuta unyevu. Dawa ulizopewa kwenye kibahasha dukani ni za kumaliza ndani ya siku chache za matibabu. Za presha, za mwezi mzima, omba upewe kwenye karatasi zake.

Na mahali? Si jikoni kwenye mvuke, si bafuni, si juu ya friji kwani kule mashine inapumua joto. Chini ya bati joto ni kali juu kuliko chini, kwa hiyo dawa ishuke, ikae kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua la alasiri. Hapa ndipo penye mvutano wa kweli: tunaambiwa dawa ziwe juu kwa ajili ya watoto, na juu ndiko kunakochoma. Jibu letu lilikuwa sanduku dogo lenye kufuli, chini ya kitanda cha shangazi, na ndani yake kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

Sapozitori: zimetengenezwa ziyeyuke

Dawa hii haina kosa inapoyeyuka, ndiyo kazi yake. Nyingi za watoto ni chembe za parasetamoli zilizotawanywa ndani ya mafuta magumu, na mafuta hayo yamechaguliwa yayeyuke kati ya nyuzi 33 na 36, ili yakiingia kwenye mwili wenye nyuzi 37 yalegee na kuachia dawa. Sasa weka kipimajoto juu ya kabati lililo chini ya bati, saa nane mchana. Kwa shangazi kilisoma 38. Dawa ilikuwa ikiyeyuka kila mchana na kuganda kila usiku.

Ikiganda tena inaweza kurudi na umbo lake, kwa sababu kile kiganda cha plastiki ndicho kilikuwa kalibu yake kiwandani. Kinachobadilika ni ndani. Chembe za parasetamoli ni nzito kuliko mafuta, kwa hiyo mafuta yakiwa maji zinazama, na yakiganda zinabaki zimelundikana upande uliokuwa chini. Kwa dozi nzima labda usione tofauti kubwa. Lakini wazazi wengi, dukani ikikosekana ya miligramu 125, hununua ya 250 na kuikata nusu. Ikiwa imeyeyuka na kuganda, nusu moja ina dawa nyingi na nyingine ina mafuta tu. Mtoto mmoja anazidishiwa, na anayepewa nusu ya pili homa haishuki. Kukata si jambo la kufanya kwa mazoea hata kwa dawa nzima, na kwa iliyowahi kuyeyuka usikate kabisa.

Utaijuaje? Tikisa kiganda karibu na sikio, kama ni maji utasikia. Kama imeganda, itazame kwenye mwanga: imara ina rangi moja na uso laini. Iliyoyeyuka huwa na tabaka, ncha nyeupe zaidi kuliko mwili, kishimo juu au mafuta yaliyovuja kwenye mshono. Ukiona hivyo itupe, ununue nyingine.

Sapozitori za mafuta zinafaa kukaa friji, rafu ya kati, ndani ya boksi lake, mbali na barafu. Jasho halizisumbui kama vidonge kwa kuwa zimefungwa moja moja. Zipo pia zisizo za mafuta, zilizotengenezwa kwa makrogoli, ambazo haziyeyuki kwa joto la chumba bali huyeyushwa na majimaji ya mwili. Hizo zinataka ukavu tu, na kabla ya kuwekwa huloweshwa kwa maji ili zisikwaruze. Boksi litakuambia uliyo nayo ni ipi. Kama mtoto ana homa usiku na ya mafuta imelegea tu bila kuwa maji, iweke na kiganda chake kwenye maji baridi kwa dakika chache mpaka ikaze, ndipo uimenye, na usiishike mkononi muda mrefu.

Insulini: baridi kali ndiyo iliyomponza

Nilikitoa kile kichupa nikakizungusha taratibu kwenye viganja. Insulini yake ni ya mchanganyiko, ile ya mawingu, ambayo ikitulia unga hushuka chini na ukiiviringisha inakuwa nyeupe sawasawa kama maziwa. Hii haikuwa sawasawa. Kulikuwa na mabonge madogo, kama maziwa yaliyokatika, na mabaka meupe yamegandia ukutani mwa kioo.

Usiku ule niliacha kipimajoto pale kichupa kilipokuwa kimeegemea. Asubuhi kumbukumbu yake ilionyesha kimeshuka hadi nyuzi 1 chini ya sifuri. Rafu ya kati ya friji hiyohiyo ilikaa kwenye 5, na mlangoni ilipanda mpaka 10 kwa jinsi watoto wanavyoufungua. Friji za mlango mmoja zenye kisanduku cha barafu juu ndivyo zilivyo: maandishi yanataka nyuzi 2 hadi 8, na ndani ya friji moja kuna sehemu zilizo juu ya hapo na zilizo chini.

Insulini ni protini ndogo, nyuzi mbili fupi zilizoungana na kukunjwa kwa umbo maalumu, na mwili huitambua kwa umbo hilo. Joto hulegeza mikunjo polepole. Kutikisa kwa nguvu nako huiharibu, ndiyo maana tunaviringisha kichupa badala ya kukipiga kama dawa ya maji ya mtoto. Barafu ni kali kuliko vyote: maji yakiganda, chembe za insulini zinasukumwa na kubanwa pamoja, zinashikana mabonge, na barafu ikiyeyuka haziachani. Ubaya zaidi, insulini ile iliyo safi kama maji inaweza kuganda, kuyeyuka na kuonekana safi kama kawaida. Ukijua au ukishuku imeganda, itupe bila kuijaribu.

Kuhusu joto, kuna habari ambayo wagonjwa wasio na friji wanastahili kuijua. Katika kambi ya Dagahaley, sehemu ya Dadaab kaskazini mashariki mwa Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya makazi ya wakimbizi. Lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiga joto hilo maabara kwa wiki 4, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yakaonyesha insulini ilibaki na nguvu karibu sawa na iliyokaa friji. Hiyo haimaanishi kichupa kiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani, ambako joto hupita 50, wala kwamba akiba ya miezi mitatu ikae mezani. Inamaanisha kichupa unachokitumia kinaweza kukaa nje ya friji, kivulini, kwa mwezi wake.

Tukapiga hesabu ya shangazi. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1000. Yeye huchoma 24 asubuhi na 12 jioni, jumla 36 kwa siku. Elfu moja gawanya kwa 36 ni siku 27 na kidogo. Kichupa kinamalizika chenyewe kabla wiki 4 hazijatimia, kwa hiyo hakihitaji friji baada ya kufunguliwa. Anachotakiwa ni kuandika tarehe ya kukifungua kwa kalamu. Mwenye kutumia uniti 16 kwa siku hali yake ni tofauti: kichupa kingemchukua miezi miwili, hivyo atasoma kwenye karatasi ya maelezo mwisho wa matumizi baada ya kufungua, mara nyingi kati ya wiki 4 na 6, na kukitupa hata kikiwa na kitu ndani.

Akiba isiyofunguliwa tuliihamishia rafu ya kati, ndani ya kopo la plastiki, katikati, isiguse ukuta wa nyuma ambao nao huganda. Umeme ukikatika friji isifunguliwe. Chupa za maji yaliyoganda zikishushwa kwenye rafu kusaidia, zisigusane na insulini, kwani barafu iliyotoka friza ina ubaridi wa kutosha kuigandisha. Ni sheria hiyohiyo unapoisafirisha kutoka kliniki: barafu ifungwe kwa taulo, insulini ikae upande wa pili wa taulo.

Wengi huniuliza kuhusu mtungi. Unachukua chungu kikubwa, unaweka chungu kidogo ndani yake, katikati yao mchanga unaoloweshwa asubuhi na jioni, juu kitambaa chenye maji, na vyote kivulini penye upepo. Insulini inakaa kwenye kopo lililofungwa ndani ya chungu kidogo. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Njia hii ni nzuri, lakini nguvu yake inategemea ukavu wa hewa. Dodoma wakati wa kiangazi, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 35, kukauka kwa maji kunaweza kushusha joto kuelekea 21. Temeke wakati wa masika, nyuzi 32 zilezile na unyevu wa 75, ukomo wake ni 28. Bado ni afadhali kuliko juu ya kabati, na kwa kichupa cha mwezi mmoja inatosha. Vidonge tu ndivyo visiwekwe humo hata siku moja.

Kabla sijaondoka shangazi akakiri alishaongeza dozi mwenyewe, siku nne zilizopita: 30 asubuhi na 16 jioni. Hilo lilinitisha kuliko kichupa. Alikuwa akichoma uniti 46 za dawa iliyokufa nusu. Siku atakayofungua kichupa kipya chenye nguvu zake zote na kuchoma 46 zilezile, sukari ingeporomoka, na hilo linaweza kumwangusha usiku bila mtu kujua. Tulipiga simu kliniki yake kabla ya sindano ya kwanza. Wakamrudisha kwenye 24 na 12, wakamwambia apime mara nne kwa siku, pamoja na saa nane usiku, na kikombe cha maji ya sukari kikae kando ya kitanda. Usiku wa kwanza nililala pale. Saa nane alipima 9.